Dawa ya mizizi na vidonge vya kifafa

Mtoto wa kaka yangu, anayeishi na wazazi wake na bibi yake huko Mikindani, alianzishiwa vidonge vya kifafa akiwa na umri wa miaka 4 na uzito wa kilo 15. Alikuwa ameanguka mara tatu bila homa yoyote, ingawa nyumbani waliendelea kuuita ugonjwa huo degedege. Aliandikiwa fenobabitoni miligramu 60 kila usiku, yaani vidonge viwili vya miligramu 30, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa uzito wake. Mimi ni muuguzi, na hata hivyo yaliyotokea baadaye nilifichwa.

Fenobabitoni ni dawa inayokwenda polepole. Huchukua wiki mbili hadi tatu kabla ya kiwango chake katika damu kutulia, na katika siku za mwanzo mtoto husinzia sana. Kwa hiyo mtoto huyu alipoanguka tena katika wiki ya pili, mama yangu aliona dawa ya hospitali imeshindwa, akampeleka kwa mganga. Mganga alitoa mizizi ya kuchemsha na kusema dawa mbili zitapigana ndani ya mwili, hivyo vidonge viachwe.

Kwa siku tano mtoto alichangamka, akala vizuri na hakuanguka. Kila mtu aliona mizizi imefanya kazi, nami siwalaumu, kwa sababu macho yao yaliona kweli. Wasichoweza kukiona ni kwamba katika mwili wa mtoto fenobabitoni hupungua kwa takriban nusu kila baada ya siku mbili hadi tatu. Usingizi ulikuwa unapungua kwa kuwa dawa ilikuwa inatoka, na kiasi kilichobaki ndicho kilichokuwa bado kinamlinda. Usiku wa siku ya sita alishikwa na kifafa kilichojirudia bila yeye kuzinduka katikati. Kuacha dawa hii ghafla kunaweza kuleta hali hiyo hata pasipo mizizi yoyote.

Hospitalini mtoto anayeshikwa hivyo hupewa diazepamu, na kifafa kisipokoma huongezewa dawa nyingine, mara nyingi fenobabitoni yenyewe. Dawa hizi zote hutuliza ubongo, na zikizidi hupunguza pumzi. Ikiwa mzizi aliokunywa jioni nao una nguvu ya kulaza, na mhudumu hajui, mtoto anaweza kuacha kupumua wakati kifafa kimekwisha tayari. Wifi yangu aliulizwa kama mtoto amepewa kitu chochote akajibu hapana, kwa sababu katika kliniki aliyokuwa akihudhuria alikwishakaripiwa mbele ya watu kwa kumfunga mtoto hirizi. Nasema wazi kwamba karipio lile lilikuwa kosa la kitabibu. Lilimnyima daktari habari aliyoihitaji usiku ule, na pumzi ya mtoto ilipopungua ilibidi asaidiwe kwa mfuko wa kupumulia kwa muda mrefu, huku hakuna aliyejua chanzo.

Si kila mchanganyiko huleta hatari kwa njia hiyo. Mtoto anayetumia fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, akipewa kila siku dawa iliyotiwa pilipili manga nyingi, kiasi cha fenitoini kinachoingia katika damu kinaweza kuongezeka, na kwa dawa hiyo ongezeko dogo hutosha kumfanya ayumbe anapotembea, macho yachezecheze na maneno yawe mazito. Kafuri, mafuta ya mkaratusi na mafuta ya mbegu za mwarobaini, mtoto akiyameza, yanaweza kuleta kifafa yenyewe, na hapo mzazi hudhani vidonge havifai. Tena dawa yoyote ya maji ikimiminwa kinywani mwa mtoto aliyeshikwa inaweza kuingia kwenye mapafu.

Kwa maoni yangu, mhudumu asiulize, "Mnatumia za kienyeji?" Aulize ni mti gani, sehemu gani ya mti, ulianza kutumika siku gani, na vidonge vya mwisho mtoto alimeza lini. Tarehe zikiwekwa sambamba, usingizi mpya unaozuka katika wiki ya nne, wakati mwili ulikwishazoea kidonge na kipimo hakijabadilishwa, huonekana kuwa dalili ya kufuatiliwa, kama ilivyo kwa macho ya njano au kuyumba. Kwa upande wa familia naomba jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba vidonge visisimamishwe bila aliyeviandika kujua, hata kama mizizi imekwisha kuchemshwa.

Mama yangu hakuacha kuamini mizizi. Nilimwomba ainunue akitaka, lakini asimpe mtoto kabla hatujaipeleka kliniki, akakubali. Mwezi uliopita alikuja nayo imefungwa kwenye pindo la kanga, akaiweka mezani kwa daktari pamoja na daftari la tarehe, akasema, "Mwanangu, hii hapa, nawe niambie kidonge chako kinafanya nini."