Kibubu kinajaa, genge linakufa

"Tangu wadogo tunaambiwa tuweke akiba. Leo mnasema sote tukiweka tunafukarika. Hebu nifahamishe."

Nianzie kwa dada yangu, fundi cherehani wa Jambiani, Zanzibar. Mwaka 2020 ndege za watalii ziliposimama, watu wa mahotelini walirudi majumbani. Hilo ndilo pigo la kwanza, na akiba haikuwa na kosa. Pigo la pili lilitoka kwa ambao mshahara wao haukuguswa: mwalimu, muuguzi, karani wa serikali. Nao hofu iliwaingia, wakasema nguo za Idi mwaka huu basi. Siwalaumu. Ila nguo isiyoshonwa ni ujira wa dada uliopotea. Dada naye akaacha kununua vitumbua, akawa anapasha kiporo asubuhi, na muuza vitumbua akapunguza nazi anazonunua. Shilingi uliyoizuia wewe ndiyo pato alilokuwa akilingoja mwenzio.

Hapo wengi husema: sawa, pato limepungua, lakini angalau akiba imeongezeka. Hata hiyo si lazima iongezeke, na ndipo penye kitendawili chenyewe.

Tufikirie kijiji kidogo. Kila wiki kinaingiza 600,000 za fedha mpya: za wageni, za jamaa walioko nje, za anayejenga nyumba. Kila mtu hutumia 80 katika kila 100 anayopata, na 20 huziweka chini ya godoro. Pato la kijiji litatulia kwenye 3,000,000, kwa kuwa hapo tu ndipo kinachowekwa, 600,000, kinalingana na kinachoingia.

Sasa wote waamue kuweka 30. Wiki ya kwanza wanatumia 2,100,000 badala ya 2,400,000. Ongeza zile 600,000, pato linakuwa 2,700,000. Wiki ya pili wanatumia asilimia 70 ya hilo dogo, pato linashuka hadi 2,490,000. Linaendelea kuteremka, kila mara kidogo kuliko mwanzo, mpaka litulie kwenye 2,000,000. Piga asilimia 30 ya milioni mbili: ni 600,000 zile zile. Kijiji kimepoteza theluthi ya pato, na akiba ya kila wiki imerudi pale pale ilipokuwa. Tena aliyekuwa akijenga akiona biashara imelala akasimamisha ujenzi, akiba yenyewe inashuka. Keynes, mchumi wa Kiingereza, aliipa nguvu hoja hii katika kitabu chake cha 1936, Ulaya na Marekani zikiwa na mamilioni ya watu wasio na kazi.

Wanaoitetea akiba nao wana lao, na kwetu visiwani lina uzito. Hesabu yangu imedhani kila shilingi inazunguka hapo hapo. Sivyo. Mchele mwingi, sukari na unga wa ngano tunaokula hutoka nje. Ukiahirisha simu mpya, anayepoteza hapa ni mwenye duka na faida yake ndogo. Sehemu kubwa ya bei ingevuka bahari hata hivyo. Ukiacha kununua pweza, mboga za gengeni au ujira wa fundi, pigo lote ni la jirani. Kwa hiyo kitendawili hiki huku kina makali madogo kuliko katika nchi inayojitengenezea vyake, na swali linakuwa umebana nini.

Jengine ni pale akiba inapolala. Upatu hauna shida hii: kila mwezi anayepokea anaezeka paa au ananunua friza, fedha hazikukatika njiani. Kibubu ndicho kinachozizuia. Watetezi husema benki nayo itakopesha, na siku za kawaida wanasema kweli. Lakini mwaka wa hofu nani anakopa kununua boti ya wageni wasiokuja? Kwengine benki kuu ingeshusha riba ili kuwavuta wakopaji. Zanzibar inatumia shilingi ya Muungano, na uamuzi huo unapangwa kwa uchumi wa Tanzania nzima.

Kwa upande wangu naona hoja zote mbili ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Mafundi wakiwa na kazi mpaka wanakukataa, na bei zinapanda, akiba ya wengi haidhuru: inaachia mikono na saruji kwa anayejenga. Samaki wakishushwa bei na bado wanabaki mnadani, hapo kila anayekaza mkono anamkaba mwenzie, na wa kuanza kutumia ni serikali, kwa sababu mwalimu hawezi kuambiwa ajitoe muhanga peke yake.

Dada ana vyerehani viwili. Miezi ile kimoja kilifunikwa kanga, na pesa ya kununulia cha tatu aliiweka kwenye kopo la maziwa. Alikuwa nayo yote. Ikaishia kwenye unga.