Zuhura ni Nani?

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Kazi hii niliipata kwa sababu nilichelewa kikao cha kwanza, na wajumbe wana kawaida ya kumchagua asiyekuwepo.

Kikao cha tatu tulikaa kwenye bustani ya baa moja pale Sinza, watu 31. Ahadi daftarini zilikuwa milioni 6, mkononi tulikuwa na laki 4 na elfu 20. Mwenye ukumbi alitaka milioni moja na nusu ya kuanzia, mwisho Ijumaa. Mwenyekiti akanipa nafasi ya kufunga.

Nikasimama na hotuba niliyoiandaa siku mbili. Nikawashukuru wazee, akina mama, vijana, waliotoka Kibaha na waliokuja na mvua. Kisha nikamalizia: "Kwa hiyo ndugu zangu, kwa yeyote mwenye nafasi, kama itawezekana, kwa chochote alichojaliwa, tungeomba tuendelee kushikana mikono. Asanteni sana, Mungu awabariki, tuko pamoja."

Makofi yakapigwa. Halafu watu wakasimama na, wallahi, wakashikana mikono. Kila mmoja akampa mwenzake mkono wa kwaheri. Mzee mmoja akaomba dua ya kufunga bila hata kuulizwa. Baada ya dakika 5 nilibaki mimi, chupa tupu, na mhudumu mwenye bili. Mchango wa siku ile ulikuwa sifuri.

Shangazi ndiye alinisubiri kwenye gari. Yeye ni mhasibu wa vikoba miaka mingi, hela anaisikia harufu.

"Baba, asante ulizitoa vizuri sana," akasema. "Tatizo uliziweka mwisho. Mtu akisikia asante anatafuta funguo za gari. Na hilo 'chochote' lako, kila mtu anamwangalia jirani aone chochote yake ni ngapi. Na 'mwenye nafasi' ndo nani? Hakuna aliyekuja pale akijiona ana nafasi."

Akanifundisha mle garini, taa ya ndani ikiwaka. Shukrani zipeleke mwanzoni, watu bado wamekaa. Sentensi ya mwisho imguse mtu mmoja, useme "wewe", usiseme "sisi". Taja kitu kimoja cha kufanya, kiasi, njia, na muda. Ukishaitamka, kaa chini na unyamaze, hata kama kimya kinakuuma. Ukiongeza neno umewapa mlango wa kutokea.

Kikao cha nne nilikwenda nimekariri. Namba yangu ya simu nikaiandika ubaoni kwa maandishi makubwa, maana mweka hazina alikuwa safarini Dodoma. Asante zote nikazimaliza kabla supu haijapoa. Mwishoni nikasema: "Toa simu yako sasa hivi. Tuma elfu 50 kwenye namba iliyo ubaoni kabla hujainuka kwenye kiti. Ukimaliza nyoosha mkono, nikuandike."

Nikakaa. Kimya. Jasho likaanza kunitoka mgongoni, ulimi ukawasha kusema asanteni, nikaung'ata. Kisha simu moja ikawaka, ikawaka nyingine, mara bustani nzima nyuso zinang'aa kwa chini. Mikono ikaanza kunyooka. Nikajiona mkuu wa mkoa.

Ndipo mzee wa dua akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Katibu," akauliza kwa sauti ya msikitini, "Zuhura ni nani?"

Jamani. Mwaka 2020, wakati laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, mimi sikuwa na kitambulisho cha taifa. Dada wa duka la vocha pale mtaani akanisaidia, akaweka kidole chake. Tangu siku ile kila anayenitumia hela anaona jina la dada huyo, Zuhura, kabla hajathibitisha. Mimi nilishasahau. Mke wangu hakuwahi kujua, kwa sababu kunitumia mimi hela si tabia yake.

Alikuwa meza ya pili, anahesabu soda. Akaacha kuhesabu.

Watu 12 walikuwa wameshatuma bila kusoma. Waliobaki wakaweka simu juu ya meza, wengine kwa heshima, wengine kwa kicheko. Shangazi akainuka, akafuta namba yangu, akaandika ya mweka hazina na chini yake jina kamili litakalotokea. Akawaambia: "Litatokea jina hili. Likitokea lingine, usitume." Hakuongeza neno. Wakatuma 15, na ukumbi ukalipwa Alhamisi.

Nyumbani nilieleza hadi saa 7 usiku. Nikashukuru kwa uvumilivu, nikashukuru kwa upendo, nikashukuru kwa miaka 9 ya ndoa. Mke wangu akasikiliza yote, akazima taa.

"Kesho saa 2 asubuhi, nenda dukani na kitambulisho chako, laini isomeke jina lako, kisha unitumie elfu 50 nilione."

Akageukia ukutani.