Modeli inapopenda herufi A

"Nina maswali 200 ya kuchagua jibu, kila moja lina machaguo manne. Modeli imepata 70%. Nichanganye mpangilio wa machaguo na kurudia yote, au nitakuwa napoteza hela tu?"

Usiiamini hiyo 70% bado. Chukua swali moja: ziwa lipi lina kina kirefu zaidi Afrika? Umeandika A Viktoria, B Tanganyika, C Nyasa, D Turkana, na modeli imejibu B. Sawa kabisa. Sasa sogeza maneno, herufi zibaki pale pale: A Nyasa, B Turkana, C Viktoria, D Tanganyika. Ikijibu A, umeona kitu ambacho alama ya kwanza ilikificha. Modeli ilikuwa na wazo fulani kuhusu Tanganyika, lakini Nyasa, lenye kina kirefu pia, lilipokaa mwanzoni lilitosha kuivuta.

Njia rahisi ya kupima ni kuzungusha machaguo mara nne, ili jibu sahihi likae kila nafasi mara moja:

```python
for k in range(4):
    mpya = machaguo[k:] + machaguo[:k]
    sahihi_mpya = (sahihi - k) % 4
```

Mstari wa mwisho ndio wengi huusahau. Wanazungusha maneno bila kuzungusha jibu sahihi, alama zinaporomoka, kisha wanailaumu modeli.

Tuseme umemaliza mizunguko minne. Jibu sahihi likiwa A modeli inapata 79%, likiwa B 68%, likiwa C 66%, likiwa D 59%. Wastani ni 68%, karibu sawa na 70% yako ya awali. Hapa ndipo anayepinga kuchanganya anapopata nguvu: umelipa mara nne ili upate namba ile ile. Kama shabaha yako ni kujua modeli ipi kati ya mbili ina wastani mkubwa, na majibu sahihi yako yametawanyika vizuri kwenye A, B, C na D, hoja yake ina uzito. Upendeleo unajifuta wenyewe kwenye wastani.

Lakini kujifuta kwenye wastani hakuuondoi kwenye swali moja moja. Hesabu maswali ambayo modeli imeyapata katika mizunguko yote minne. Tuseme ni 92, yaani 46%. Pengo kati ya 68 na 46 linatokana na maswali ambayo jibu linategemea mahali ulipoliweka, na mtumiaji wako atakutana na mpangilio mmoja tu. Mimi ningetoa namba zote mbili, kila mara.

Kabla ya kulitangaza hilo pengo, uliza mpangilio ule ule mara mbili bila kugusa chochote. Kama majibu yanabadilika hata hapo, sehemu ya pengo ni kuyumba kwa modeli tu, nafasi haihusiki.

Upande wa pili una hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi ya ile ya gharama. Kuna maswali ambayo mpangilio ni sehemu ya swali. "Yote yaliyotajwa hapo juu" likipanda kuwa A halina maana tena. Miaka au kiasi kilichopangwa kutoka kidogo kwenda kikubwa kikivurugwa, umetunga swali jingine, gumu zaidi kwa binadamu pia. Hayo yatenge, yasizungushwe.

Na kuzungusha kuna mipaka yake. Katika mizunguko hiyo minne Nyasa hulifuata Tanganyika daima, isipokuwa pale Tanganyika linapokuwa la mwisho. Jirani hawabadiliki. Mipangilio kamili ni 24, na kwa maswali machache yenye utata inafaa kuipitia yote. Pia kuzungusha hakukuambii kama modeli inapenda nafasi ya kwanza au inapenda herufi A yenyewe. Utafiti uliowasilishwa katika mkutano wa ICLR 2024 ulikuta kwamba herufi ndiyo chanzo kikubwa zaidi. Ili kutenganisha, ondoa herufi na uitake modeli iandike jibu kwa maneno.

Modeli inapofanywa hakimu wa majibu mawili, mambo huwa mazito zaidi. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba ChatGPT akiwa hakimu, modeli nyingine, Vicuna-13B, iliweza kuishinda ChatGPT yenyewe katika maswali 66 kati ya 80, kwa kupanga tu nani atangulie. Wapo wanaosema hakimu akigeuka ukibadilisha mpangilio, majibu yalikuwa yanakaribiana, kwa hiyo ni sare ya haki. Nakubali kuiandika sare. Ila angalia mgeuko unaelekea wapi: sare za kweli zingegawanyika pande zote mbili, na kama karibu zote zinamwendea aliyetangulia, huo ni upendeleo.

Kwa maswali yako 200, anza na 50 yasiyotegemea mpangilio, mizunguko minne, maombi 200 tu. Tofauti ya A na D ikiwa pointi mbili tatu, ishia hapo. Ikifika 20, lipia yote.