Dola 239 zilizokaa kwa waleti yangu dakika kumi

Kuna siku mwaka juzi nilinunua tokeni ya kripto ya dola 200, kama 26,000 hivi za Kenya wakati huo, na kabla sijaweka simu chini waleti ikaniambia niko na dola 239. Nilikuwa nimekaa kwa kibanda cha chai Ngara, nikaita buda yangu mmoja wa kazini nikamwonyesha, akasema hebu uza sasa hivi, nikamwambia tulia, hii ndio mwanzo. Tumeagiza chapati, tumekula, nikaangalia tena. Dola 166.

Hakuna mtu alikuwa ameniibia. Hakukuwa na ofisi ya kupiga simu pia, na hiyo ndio sehemu watu huwa wanaisifia sana, eti unabadilisha tokeni bila mtu wa katikati. Ni kweli na si kweli. Nimechukua muda kuelewa zile dola 34 zilienda wapi, na nikishaelewa nimeanza kuona kwamba broka hakufukuzwa, alihamishwa tu kutoka mlangoni.

Anza na kile wengi tunakijua. Ukienda kubadilisha dola pale mjini, kuna mtu nyuma ya kioo ako na bei mbili ubaoni, ya kununua na ya kuuza, na faida yake iko hapo katikati. Soko la kawaida la kripto nalo liko na daftari la oda, huyu anataka kuuza kwa bei hii, yule anataka kununua kwa ile, kampuni inawakutanisha na inakaa na pesa zenu wote wawili. Sasa hizi soko zisizo na mwenyewe hazina kioo wala daftari. Kuna bwawa, kwa skrini limeandikwa Pool, ambalo ni programu tu imekaa kwa blokcheni na ndani yake kuna tokeni za aina mbili. Unatupa moja, unachota nyingine. Haulizwi jina, haulizwi kitambulisho.

Swali ni nani anapanga bei kama hakuna mtu. Jibu ni hesabu ya darasa la nane. Uniswap, moja ya soko hizo, iliyoanza Novemba 2018 kwa blokcheni ya Ethereum, iliandikwa na Hayden Adams, injinia wa mitambo aliyekuwa amepoteza kazi Siemens mwaka mmoja kabla, na sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: idadi ya tokeni upande mmoja ukizidisha na idadi ya upande wa pili, jibu lisishuke. Basi.

Bwawa nililoingia mimi lilikuwa na USDC 1,000, tokeni inayofuata bei ya dola, upande mmoja na ile tokeni 1,000 upande wa pili, kwa hivyo bei ilikuwa dola moja kwa tokeni moja. Nikatupa 200. Ona vile ilienda, nikiweka ada kando kwanza:

```
x * y = k
1000 * 1000   = 1000000
1200 * 833.33 ≈ 1000000
```

Dola zimekuwa 1,200, kwa hivyo tokeni lazima zibaki 833 na kitu ndio jibu lisibadilike, na zile zilizotoka, 166 na kitu, ndio zangu. Nililipa dola 200 kwa vitu vya dola 166 kwa bei iliyokuwepo nikiingia. Sababu ni kwamba kila tokeni niliyochota ilifanya ile inayofuata iwe ghali kuliko ya kabla yake, ni kama kununua nyanya kwa mama mboga mwenye debe moja tu, kila ukiomba kilo nyingine anaangalia debe na kuongeza bei, na akibakisha chache kabisa hakuuzii hata ukimpa gari. Bwawa haliishiwi kabisa kwa sababu hiyo hiyo, zile za mwisho bei yake haina mwisho.

Halafu ile 239. Waleti ilikuwa inasoma bei mpya ya bwawa, 1,200 ukigawa kwa 833, karibu dola 1.44, inazidisha na tokeni zangu. Bei niliyoisukuma mimi mwenyewe ndio ilikuwa inanipongeza! Na hata hiyo 239 singeipata, ningeuza zote papo hapo ningerudishiwa zangu karibu 200 kasoro ada, kwa sababu nikirudisha tokeni bei inateremka ile ngazi ile ile niliyopanda. Kwa hivyo buda alikuwa sahihi aliposema niuze, ila si kwa sababu aliyodhani.

Kilichotokea tukila chapati ni hivi. Tokeni hiyo ilikuwa na bwawa lingine kubwa kwa soko lingine, na huko bei ilikuwa bado dola moja. Kuna maroboti, programu za watu, zinazokaa zikilinganisha mabwawa usiku na mchana, na moja ikaona tokeni ya dola moja inauzwa 1.44. Ikanunua kule karibu tokeni 166, ikazitupa kwa bwawa letu, ikachota karibu dola 198, bei ikarudi dola moja. Faida kama dola 32 kabla ya kulipa gesi, yaani ada ya blokcheni yenyewe. Hizo ni zangu.

Na hao walioweka pesa zao kwa bwawa ndio mimi nipate pa kubadilishia? Ada ilikuwa asilimia 0.3, kwa hivyo kwangu walipata senti 60, na kwa roboti senti 50 hivi. Dola moja na kitu, wagawane wote. Roboti dola 32. Sasa ukiniambia hakuna mtu wa katikati nitacheka kidogo, ako hapo, hana tu kiti na hana jina.

Lakini sitaki kuonekana nalia, kwa sababu huyo roboti anafanya kazi ambayo bwawa haliwezi. Bwawa halijui bei ya dunia, halisomi habari, linajua tu idadi ya vitu vilivyo ndani yake. Bila mtu wa kuja kufaidika na makosa ya bei lingebaki na 1.44 mpaka kesho. Shida yangu ni kwamba mimi ndiye nililipa mshahara wake bila kujua, na ningeweza kukataa.

Ningekataa aje? Ile skrini iliniambia. Kulikuwa na mstari umeandikwa Price impact na namba nyekundu, asilimia 16.6, nikaupita kama vile unapita masharti ya programu yoyote. Mstari huo ndio bei ya udogo wa bwawa. Dola zangu 200 zilikuwa moja ya tano ya upande wa dola. Ningezipeleka kwa bwawa la dola milioni moja kila upande, ningepata tokeni 199.36, yaani karibu hasara yote ingekuwa ni ile ada peke yake. Siku hizi kabla sijabonyeza naangalia kiasi changu ni sehemu gani ya upande ninaotupia, ikizidi moja kwa mia naanza kutafuta kwingine, na kwa kawaida programu kubwa zinatafuta zenyewe na hata kugawa oda yako kwa mabwawa kadhaa. Mimi nilikuwa nimefuata linki ya kundi la Telegramu kwa tovuti iliyokuwa na bwawa moja tu, hiyo niiseme tu.

Kuna namba nyingine watu wanachanganya na hiyo, inaitwa Slippage. Price impact ni kile utafanyia bei wewe mwenyewe, Slippage ni ruhusa unayotoa: kutoka sasa mpaka oda yangu ipite, bei ikiharibika kiasi hiki bado nipitishie. Oda ikikataa mara mbili mtu anakasirika anaweka asilimia 10. Kwa Ethereum oda yako inaweza kukaa mahali pa wazi ikisubiri kuingizwa, kila mtu anaona, kwa hivyo roboti inaona umeruhusu 10, inanunua kabla yako kupandisha bei, wewe unanunua kwa bei mbaya kabisa uliyoruhusu, halafu inauza nyuma yako. Ukitaka kujua kama ulifanyiwa, fungua muamala wako kwa tovuti ya kukagua blokcheni, angalia bloku hiyo hiyo, yaani miamala iliyoingizwa pamoja na wako: kama anwani moja imenunua tokeni yako kabla yako na kuiuza baada yako, ulikuwa nyama kati ya mikate. Oda ndogo mara nyingi haziguswi kwa sababu roboti nayo inalipa ada na gesi mara mbili, ila mimi siweki zaidi ya 1 bila sababu.

Baada ya hadithi yangu buda akaamua yeye atakuwa upande wa wenye bwawa, eti hao ndio wanakula ada wakiwa wamelala. Nikamchorea kwa karatasi ya mandazi. Tuseme lile bwawa la 1,000 kwa 1,000 ni lako lote, na tokeni ipande kutoka dola 1 mpaka 4. Maroboti watakuja kuchota tokeni mpaka bwawa likubaliane na hiyo bei, na hesabu inasema utabaki na tokeni 500 na dola 2,000, jumla dola 4,000. Akafurahi, ameweka 2,000 amepata 4,000. Nikamwuliza, na ungeziacha tu kwa waleti? Tokeni 1,000 kwa 4 ni 4,000, na dola zako 1,000, jumla 5,000. Bwawa lilikuwa linauza tokeni zako njiani wakati wote zikipanda. Ile 1,000 ndio ada inatakiwa ifidie, na kwa asilimia 0.3 inahitaji biashara ya kama dola 333,000 ipite kwa bwawa la dola 2,000. Bei ikirudi 1 pengo linajifunga, ndio maana wanasema hasara si ya kudumu, lakini ukitoa pesa ikiwa 4 imekuwa ya kudumu sana.

Alinyamaza kidogo akauliza kama ni tokeni mbili zisizoachana bei je, dola kwa dola. Hapo nilimwambia ameuliza la maana, pengo linakuwa dogo sana mradi moja ya hizo dola isivunjike, na ada nayo ni ndogo kwa sababu kila mtu amefikiria hivyo hivyo. Ameweka dola 300 kwa bwawa la USDC na USDT. Wiki iliyopita nilimwuliza imezaa ngapi, akasema imelipa chai, chapati bado.