Nyota moja ya am: tusome p au tusome wigo?

"Nimefanya rigresheni kwenye R na data ya mtcars, am imenipa 2.9358, t ni 2.081, p ni 0.0467, kuna nyota moja. Supavaiza anasema nyota haitoshi, anataka wigo wa uhakika. Si ni kitu kilekile tu? Sa nani yuko sahihi?"

Kihesabu uko sahihi wewe, ila kwenye kusoma maana mi naegemea kwa supavaiza wako, na kuna sehemu moja ambayo nyote wawili mnaweza kupotea pamoja, ntaifikia mwishoni. Tuanze na hesabu yenyewe maana bila hiyo tutabishana hewani.

Nadhani ulichoandika ni hiki:

```r
m <- lm(mpg ~ wt + qsec + am, data = mtcars)
summary(m)
confint(m)
```

Magari 32 ya modeli za 1973 na 1974, namba zilitoka kwenye gazeti la magari la Marekani la mwaka 1974. mpg ni maili gari inazotembea kwa galoni moja, wt ni uzito, qsec ni sekunde inazotumia kumaliza robo maili, na am ni gia: 0 ni otomatiki, 1 ni manyuali. Kwa hiyo ile 2.9358 inasema hivi, ukichukua magari mawili yenye uzito sawa na qsec sawa, moja otomatiki moja manyuali, modeli inakadiria la manyuali litaenda maili 2.9 zaidi kwa galoni. Kwa lugha yetu ya lita ni kama kilomita 1.25 zaidi kwa lita, wakati wastani wa magari yote 32 ni kama kilomita 8.5 kwa lita. Sio kidogo hiyo, mtu wa daladala angeisikia mfukoni.

Pembeni ya 2.9358 kuna `Std. Error` 1.4109. Hiyo mi naona ndo namba muhimu kuliko zote kwenye ule mstari na ndo watu wanairuka. Inakwambia makadirio yako yangeyumba kiasi gani kama ungepata magari mengine 32 ya aina hiyohiyo ukarudia kazi. Kila kitu kingine kimejengwa juu yake. t ni 2.9358 gawanya kwa 1.4109, unapata 2.081, yaani makadirio yako yako mbali na sifuri kwa standadi era mbili na kidogo. Basi, hakuna siri nyingine kwenye t.

p inatoka hapo. Unajifanya kwanza kwamba gia haina mchango wowote ukishajua uzito na qsec, koefishenti ya kweli ni sifuri kabisa, halafu unauliza: katika hali hiyo, na modeli ikiwa sahihi, t ya 2.081 au kubwa zaidi, upande wowote, ingetokea mara ngapi? Unaangalia mgawanyo wa t wenye digrii za uhuru 28 (magari 32 toa koefishenti 4, usisahau ya `(Intercept)`), jibu ni 0.0467, kama mara 5 kwa 100. Angalia hapo ulianza kwa kukubali sifuri, kwa hiyo p haiwezi tena kugeuka ikakwambia uwezekano wa sifuri kuwa kweli ni asilimia 4.67. Hilo kosa nimeliona kwenye ripoti za watu wazima wenye digrii mbili, kwa hiyo usione aibu kama na wewe ulisoma hivo, ila liache leo.

Wigo nao unatoka kwenye namba zilezile mbili. Kwa digrii 28 namba ya jedwali la t kwa asilimia 95 ni 2.048, unazidisha na 1.4109 unapata 2.89, unaitoa na kuijumlisha kwenye 2.9358. `confint(m)` inakuletea 0.0457 hadi 5.8259. Sasa unaona kwa nini nasema kihesabu uko sahihi: t yako imepita 2.048 kidogo tu, kwa hiyo p imeshuka chini ya 0.05 kidogo tu, kwa hiyo wigo umekwepa sifuri kidogo tu. Ni tukio moja limeandikwa mara tatu. Kwa modeli hii na kiwango hiki haiwezekani p iwe 0.03 halafu wigo wa asilimia 95 uwe na sifuri ndani, ukikuta hivo jua umekosea mahali.

Sa kama ni kitu kimoja kwa nini nasema nayaegemea ya supavaiza? Soma wigo wako kwa kilomita. Chini ni maili 0.0457 kwa galoni, hiyo ni kama mita 19 kwa lita, gari haijatoka hata getini. Juu ni 5.83, karibu kilomita 2.5 kwa lita, hapo unaongelea gari mbili tofauti kabisa. Data yako inasema yote hayo yanakubalika, kuanzia kitu kisicho na maana yoyote kwa dereva mpaka kitu kikubwa mno. Nyota moja ilikuwa inakwambia "gia ina mchango" na wewe ukalala ukijua umegundua kitu, kumbe magari 32 hayana nguvu ya kukwambia ni mchango wa kiasi gani. Hilo p halisemi, haliwezi kusema, maana limepoteza kipimo. Maili zilifutika pale ulipogawanya.

Na kuna jambo la pili ambalo kwangu ndo linamaliza ubishi. Toa qsec weka hp, yaani nguvu za farasi, mtu mwingine mwenye akili zake timamu angeweza kuchagua hivo:

```r
m2 <- lm(mpg ~ wt + hp + am, data = mtcars)
```

am inakuwa 2.0837, t 1.514, p 0.141. Nyota imepotea. Anayesoma nyota ataandika kwamba matokeo yamepingana, mmoja kaona mchango wa gia mwingine hajauona. Angalia wigo: ya kwanza 0.05 hadi 5.83, ya pili −0.74 hadi 4.90. Zimelaliana karibu yote! Hakuna aliyepingana na mwenzake, wote wanasema manyuali labda ina faida, huenda kubwa, huenda hakuna kitu. Yaani mstari wa 0.05 umechukua picha mbili zinazofanana ukazitenganisha kama usiku na mchana.

Ila nisiionee p, ina kazi yake na wanaoitetea sio wajinga. Kwenye modeli yako ileile wt ina t ya −5.507 na p ni 0.00000695. Wigo wa wt utakwambia tu kwamba sifuri haimo, lakini umbali wa kutokuwemo lazima ukae upige hesabu kichwani, p inakupa papo hapo: am imepita kwa kuchungulia na wt imepita kwa kishindo, na R imezipa nyota moja na tatu lakini namba yenyewe inasema zaidi ya nyota. Halafu wigo nao watu wanausoma vibaya vilevile. Wanaangalia tu sifuri imo au haimo halafu wanafunga kitabu, hapo umefanya jaribio la t kwa mlango wa nyuma na hujafaidi chochote. Na asilimia 95 haimaanishi kuna uwezekano wa 95 kwamba koefishenti ya kweli iko kati ya 0.0457 na 5.8259. Ni sifa ya njia: ukirudia sampuli mara nyingi sana, kila mara utengeneze wigo mpya, kama 95 kwa kila 100 zitainasa ile ya kweli. Huu wako mmoja umeinasa au haujainasa, hujui.

Sasa ile sehemu mnayoweza kupotea wote wawili. Jaribu hii:

```r
summary(lm(mpg ~ am, data = mtcars))
summary(lm(mpg ~ wt + am, data = mtcars))
```

Ya kwanza, am peke yake: 7.245, p 0.000285, nyota tatu, wigo 3.64 hadi 10.85, mbali kabisa na sifuri. Mtu wa p ameridhika, mtu wa wigo ameridhika. Ongeza uzito tu, am inaporomoka mpaka −0.024, p 0.988. Imeenda wapi? Ni kwamba magari ya manyuali kwenye hii data yalikuwa mepesi, wastani wa kilo 1,094 hivi, na ya otomatiki kilo 1,710 hivi. Ile 7.245 ilikuwa inabeba uzito mgongoni. p na wigo vyote vinajibu swali uliloandika kwenye `lm()`, havijui kama swali lenyewe ni bovu, na kusema ukweli hili linaharibu tasnifu nyingi kuliko ugomvi wa p na wigo.

Na kwenye hiyo modeli ya pili usikimbilie kuandika "gia haina mchango, p ni 0.988". Wigo wake ni −3.18 hadi 3.14, kilomita 1.3 kwa lita kila upande. p kubwa hapo imesema tu kwamba makadirio yamekaa karibu na sifuri ukilinganisha na standadi era, haijaziba mlango wa mchango mkubwa.

Swali la mwisho nakuuliza mimi, wt na qsec na am ulizichagua mwenyewe kabla, au ulimwaga vigeu vyote kumi ukaiachia `step()` ichague? Nauliza kwa sababu `step()` kwenye mtcars inaishia hapohapo, kwenye hivo vitatu. Kama ndivyo, 0.0467 yako ni nzuri kuliko inavyostahili, maana hesabu ya p inadhani ulikuja na modeli moja mkononi, wakati am ilibaki kwa sababu ilionekana nzuri kwenye magari hayahaya. Wigo nao umebana kuliko inavyostahili kwa sababu ileile, na ukizingatia ulikwepa sifuri kwa mita 19 za lita, sioni ukibaki umeikwepa.

Kwenye ripoti, kama kweli ulitumia `step()`, mi ningeandika hivi: "Kwa uzito na qsec sawa, magari ya manyuali yalikadiriwa kwenda maili 2.9 zaidi kwa galoni (wigo wa asilimia 95: 0.05 hadi 5.83; t = 2.08, digrii za uhuru 28, p = 0.047). Vigeu vilichaguliwa kwa `step()` kwenye data hiihii. Tulipotumia hp badala ya qsec makadirio yalikuwa 2.1 (−0.74 hadi 4.90)." Nyota iache kwenye skrini.