"Yes" Moja Iliyotugharimu Siku Nne Bandarini

Watu wakikaa kucheka Kiingereza cha barua pepe za maofisini, huwa wanacheka makosa yasiyo na madhara. Yenye madhara hayachekeshi hata kidogo, kwa sababu sentensi yenyewe ni sahihi. Kompyuta haiipigii mstari mwekundu, bosi anaipitisha, na aliyeipokea anaelewa kitu kingine kabisa.

Ofisini kwetu Dar es Salaam tunaagiza marumaru kutoka nje. Safari moja kontena lilishafika bandarini, lakini hati halisi ya shehena, ile karatasi ambayo bila hiyo mzigo hautoki, ilikuwa bado njiani. Muuzaji akaandika: "So you have not received the original bill of lading?" Mwenzangu akajibu haraka: "Yes. Thank you."

Ukilisoma jibu hilo kwa Kiswahili halina kasoro. Hamjapokea? Ndiyo, hatujapokea. "Ndiyo" yetu inakubaliana na maneno ya aliyeuliza: umesema kweli, ndivyo ilivyo. "Yes" ya Kiingereza haimwangalii aliyeuliza, inaangalia tukio lenyewe. Kama hati imefika ni "yes", kama haijafika ni "no", swali liwe limeulizwa kwa kukanusha au kwa kukubali. Muuzaji akaelewa kwamba tumeipata na hakuwafuatilia wasafirishaji wa vifurushi. Siku nne tukawa tunamngoja yeye, naye anangoja malipo yetu, huku gharama za kuhifadhi kontena zikipanda. Aliposoma upya mlolongo wa barua akauliza kwa mshangao, "But you said yes?"

Tangu hapo mimi sijibu swali la kukanusha kwa neno moja. Naandika tukio zima: "We have not received it." Hapo hakuna pa kuteleza. Na nikiuliza mimi, nauliza bila kukanusha, "Have you received it?", maana hata Waswahili wenzangu wa upande wa pili wanaweza kunijibu "yes" ya kwetu. Kuna na dada yake: "Would you mind resending the file?" Wengi wetu tunasikia "unaweza kutuma tena?" na tunajibu "Yes", kumbe tulichoulizwa ni kama tutaudhika, na sisi tumemjibu kwamba ndiyo, tutaudhika. Andika tu "I will resend it today."

La pili ni "hadi". Kwetu neno hili, kama lilivyo "mpaka", linabeba mizigo miwili. Duka liko wazi hadi Ijumaa, na mtulipe hadi Ijumaa. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo: "until" ni kwa jambo linaloendelea bila kukatika mpaka siku hiyo, "by" ni kwa jambo linalofanyika mara moja, kabla siku hiyo haijapita. Kwa hiyo "Please send the payment until Friday" inamwacha mteja akijiuliza kama anatakiwa kutuma pesa kila siku. Kipimo changu ni cha Kiswahili: kama mahali pa "hadi" naweza kuweka "isizidi", basi ni "by". Malipo yafike, isizidi Ijumaa. Duka liko wazi, isizidi Ijumaa? Haikai, basi hiyo ni "until".

Mpangilio wa maneno nao unasumbua, ingawa mimi siupi uzito huo. "Kindly advise when will the vessel arrive" imejaa kila ofisi. Chanzo chake kinaeleweka: "Meli itafika lini?" na "Tujulishe meli itafika lini" kwetu hazibadiliki hata neno moja, na shuleni tulifundishwa kwamba swali la Kiingereza linageuzwa, basi tunageuza popote tunaposikia harufu ya swali. Ukishatanguliza "kindly advise", usigeuze: "when the vessel will arrive". Lakini ukikosea, meli itafika vilevile na mteja atakuwa amekuelewa.

Ninayoiogopa kuliko hiyo ni "sorry". Sisi tuna pole na tuna samahani, na mtu hazichanganyi: pole ni ya aliyefikwa, samahani ni ya aliyekosa. Kiingereza kinazibeba zote kwa neno moja, na kinachozitenganisha ni maneno yanayofuata. Mteja mmoja aliandika kwamba maboksi sita yamevunjika kwenye lori alilokodi mwenyewe. Nikataka kumpa pole, nikaandika "We are very sorry for the broken tiles." Ningeandika "We are sorry to hear about the broken tiles" ingekuwa pole. Nilichoandika kilikuwa samahani, na malipo yake yalipoingia yalikuwa yamepungua thamani ya maboksi sita, na barua yangu ameiambatanisha.