Unataka nithibitishe kwa maandishi? Anza wewe kuandika

Binti wa kaka yangu alinitumia sauti ya Wasapu mchana wa Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, wikiendi ya Idi inaanza. Chini yake kaandika: "Shangazi, nimepata!!!" Nikaisikiliza. Mwanaume mwenye sauti ya kushiba anaongea yuko barabarani, honi za bodaboda nyuma yake. Anampa hongera, anamwambia wakubwa wameridhia, mshahara ni ule ule waliozungumza kwenye usaili, na ataanza rasmi Jumatatu ya tarehe 16. Kisha akamalizia na hii: "Sasa dada naomba unithibitishie kwa maandishi kabla ya Jumatatu hii saa nne asubuhi, tujue kama tunaendelea na wewe au tunampigia mwingine."

Hapo presha ikanipanda. Huyu bwana anatoa ajira kwa mdomo, akiwa kwenye foleni, halafu anadai maandishi kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hajamwandikia hata mstari. Athibitishe nini hasa? Honi?

Nimekaa upande ule wa meza kwa miaka mingi, nikiajiri, kwa hiyo najua wanachokikimbia. Kuna vijana wanaosema ndiyo kwa simu, siku ya kuripoti simu haipatikani, kumbe wametumia ofa yako kumbana bosi wao awaongeze mshahara. Wewe umeshanunua kompyuta, na yule wa pili umeshamwambia pole. Kwa hiyo sawa, kuomba uthibitisho wa maandishi ni haki ya mwajiri. Nimekubali, tuendelee.

Tatizo ni tarehe yenyewe. Binti yetu yuko kazini tayari, ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni binafsi, analipwa kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu wa mshahara wa mwezi akishavuka mwezi wa kwanza kazini, notisi yake haipungui siku 28, na notisi hiyo ni ya maandishi. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi, unafuata mkataba, ila muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. (Mwenye mkataba wa muda maalumu asome kwanza kipengele cha kuuvunja, yake ni hadithi nyingine.)

Sasa hesabu. Tuseme amesikiliza sauti ile, akafurahi, akapeleka barua ya kuacha kazi Jumatatu tarehe 9 Juni asubuhi na mapema. Siku 28 zikianza kuhesabiwa kesho yake, tarehe 10, zinaisha tarehe 7 Julai. Hiyo ni Sabasaba, ofisi zimefungwa. Siku ya kwanza anayoweza kukaa kwenye kiti kipya akiwa hadaiwi na mtu ni Jumanne, tarehe 8 Julai. Meneja wetu kasema tarehe 16 Juni. Kaipata wapi? Kaangalia kalenda, kaona Jumatatu nzuri, kaitaja.

Wengi watasema basi si aondoke tu, watamfanya nini? Watamkata. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwajiri, mfanyakazi akikataa kutumikia notisi, kukata kwenye stahiki zake kiasi ambacho angelipwa kwa siku zile. Chukua mshahara wa shilingi 900,000, na kwa hesabu rahisi ya siku 30 kila siku ni 30,000. Akiacha kwenda kazini kuanzia tarehe 16, anakuwa amefanya siku 15 za Juni, yaani 450,000. Siku za notisi alizozitoroka, tarehe 16 Juni hadi 7 Julai, ni 22, yaani 660,000. Nusu mshahara yake yote imekwenda, na zile 210,000 zinazobaki zitatafutwa kwenye malipo ya likizo aliyokuwa hajachukua. Binti ataanza kazi mpya akiwa hana nauli, na yule meneja hatamrudishia hata mia. Wengine wanadhani watafidia kwa likizo, kwamba "nina siku zangu 18, nazitumia kama notisi." Haiwezekani kwa njia hiyo. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo. Kilichobaki ni kumwomba bosi wa sasa akuachie mapema, na akikubali, aandike.

Nikamwambia binti asijibu "nimekubali" na asimpelekee bosi wake barua yoyote. Akashangaa. Alikuwa ameshaandaa ujumbe: "Nashukuru sana, nakubali nafasi hii, ila naomba nianze tarehe 8 Julai." Ukiusoma unaona ni ujumbe wa heshima, hauna kasoro. Lakini chini ya Sheria ya Mikataba, kukubali kunatakiwa kuwe kamili, bila sharti. Ukikubali huku ukibadilisha tarehe, hujakubali ofa yao, umewapelekea pendekezo lako jipya, na wao wako huru kulikubali au kumpigia huyo "mwingine" wao. Sasa fikiria mtu katuma ujumbe huo saa tatu, saa tatu na nusu kampelekea bosi wake barua ya kuacha kazi, saa nane anajibiwa "samahani dada, sisi tulihitaji wa tarehe 16." Ameshaacha kazi moja na nyingine hajaipata. Hawa nimewaona. Wanakuja na simu mkononi kuonyesha meseji, na kwenye meseji unakuta "ila" yao imekaa palepale katikati.

Mpangilio ni huu, na hauna njia ya mkato: ofa iandikwe kwanza, tarehe izungumzwe, wao wajibu kwa maandishi kwamba tarehe hiyo wameikubali, ndipo wewe unakubali bila "ila" yoyote, na barua ya kuacha kazi inakuwa ya mwisho kabisa kutoka mkononi mwako. Wanaokuharakisha wanataka uanze na ya mwisho.

Kwa hiyo Jumapili jioni tuliketi tukaandika imeili, siyo Wasapu, kwa sababu imeili inakwenda na kwa watu wa rasilimali watu na inabaki kwenye kumbukumbu ya ofisi hata meneja akihama:

"Nashukuru kwa ujumbe wako wa sauti wa tarehe 6 Juni kuhusu nafasi ya mhasibu. Nina nia ya kujiunga nanyi. Naomba barua ya ofa yenye cheo, kituo cha kazi, mshahara kabla ya makato, aina ya mkataba na tarehe ya kuanza. Natakiwa kutoa notisi ya siku 28 kwa mwajiri wangu wa sasa, hivyo nikiitoa tarehe 9 Juni naweza kuanza tarehe 8 Julai. Kila siku barua itakayochelewa, tarehe ya kuanza nayo inasogea. Nikiipata barua nitaijibu kwa maandishi ndani ya siku moja ya kazi."

Basi. Hakuna kubembeleza na hakuna kiburi. Hayo anayoyaomba si upendeleo: mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi taarifa hizo kwa maandishi anapoanza kazi, tarehe ya kuanza ikiwemo. Na siku mambo yakifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri akishindwa kutoa mkataba wala taarifa hizo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake yeye. Sielewi kwa nini mameneja wetu wanaona kuandika barua ya ukurasa mmoja ni fadhila.

Jibu lilikuja Jumatatu mchana: "Hamna shida, 8 Julai ni sawa, barua inaandaliwa." Yule "mwingine" wa kupigiwa simu saa nne sijui aliishia wapi. Barua yenyewe ilikuja Alhamisi, tarehe ya kuanza ikasogezwa tena kwa siku zile zilizopotea, wala kampuni haikufilisika.

Kwenye barua kulikuwa na mstari mmoja mdogo karibu na mwisho: ofa hii inategemea majibu ya wadhamini na vipimo vya afya. Mstari huo ni wa kawaida na sina ugomvi nao, lakini maana yake ofa bado ina mlango wa kutokea. Tukawauliza kwa imeili kama wadhamini wameshapigiwa. Hawakuwa wamepigiwa. Binti akasubiri hadi alipoandikiwa kwamba masharti yote yametimia, ndipo akapeleka notisi. Kaka yangu alinilaumu kwamba naichezea kazi ya mtoto. Nikamkumbusha kwamba huko anakokwenda, mwezi wa kwanza wanaweza kumwachisha kwa notisi ya siku 7 tu, na kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii mpaka atimize miezi sita. Miaka yake mitatu ya kazi ya zamani haihami naye. Anaanza sifuri, na sifuri hiyo inahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana nawachukia zaidi wale wa "njoo wiki mbili kabla uzoee mazingira." Unazoea mazingira kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, unajibu simu za wateja, unatumwa benki, halafu mkataba unaandikwa tarehe moja ya mwezi ujao. Siku hizo hazimo kwenye mshahara, hazimo kwenye michango ya NSSF, hazimo kwenye miezi sita. Ukiumia ngazini siku hiyo, wewe ni nani pale? Mgeni? Mtu akikwambia uzoee, mwulize tarehe ya kuanza kwenye mkataba itakuwa ipi. Akisema "hiyo tutaiweka vizuri," kaa nyumbani.

Na ninyi mameneja mnaolalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaripoti: kwenye usaili mnauliza mtu anajiona wapi baada ya miaka mitano, mnauliza udhaifu wake, mnauliza kama ameolewa, jambo ambalo haliwahusu. Ongezeni moja tu: "Notisi yako huko uliko ni siku ngapi?" Jibu lake linaandikwa pembeni ya sivii kwa penseli, na tarehe ya kuanza mnaipata palepale bila kuikisia mkiwa kwenye foleni.